Templeti ya shilingi 500: duka lipi linakubakishia kitu?

Saa saba usiku na dakika zake, simu ilitetema juu ya meza. "Kaka, nimelipa tangu saa tano. Faili iko wapi?" Aliyeandika alikuwa mtunza hazina wa chama cha akina mama cha Likoni. Kesho yake saa nne walikuwa na mkutano wa kugawana faida, naye alitaka kuingiza hesabu za mwaka mzima kwenye templeti yangu ya Excel kabla hajalala. Pesa ilikuwa imeshaingia kwenye tili yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala.

Nilimjibu, "Niwie radhi mama, hii hapa," nikaambatisha faili kwenye WhatsApp. Usingizi ukawa umekwisha. Nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga tangu siku ya kwanza: kila njia ya kuuza kitu hiki inanikata kiasi gani, na inanitaka niwe macho saa ngapi?

Chenyewe ni kitu kidogo. Ni kitabu cha Excel chenye karatasi nne: majina ya wanachama, michango ya kila mwezi, mikopo na riba yake, na mgao wa mwisho wa mwaka. Ukiingiza michango na marejesho, mgao unajipiga wenyewe. Nikiwa nauza shilingi 500 za Kenya, basi chama cha watu 15 kinalipa kama shilingi 33 kwa kichwa. Hiyo ndiyo sababu nililiacha wazo la mwanzo la kuuza 200. Niliweka 200 kwa uoga, nikidhani mtunza hazina anatoa mfukoni mwake. Kumbe anatoa kwenye mfuko wa chama, na anachouliza si kama ni rahisi, anauliza kama hesabu zitakubalika mbele ya wenzake. Kwa 200 nilipata wanunuzi waliotaka niwajazie kila kitu. Kwa 500 maswali hayakuongezeka, na aliyetaka kushikwa mkono nilimwekea kifurushi cha pili cha shilingi 1,500, chenye saa moja ya simu ndani yake.

Bei ikishatulia, ndipo unaweza kulinganisha maduka. Wengi huanza kinyume: wanajisajili kwenye duka walilolisikia, kisha wanatafuta bei.

Njia ya kwanza ni ile niliyokuwa nayo usiku ule, tili ya Lipa na M-Pesa, ile ya Buy Goods, pamoja na WhatsApp. Mnunuzi hakatwi chochote. Muuzaji anakatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi kabisa. Kwa templeti ya 500 hiyo ni shilingi 2 na senti 75. Hakuna njia nyingine itakayokaribia hapo, na kama unauza faili tatu kwa mwezi, usihangaike, kaa hapo hapo.

Lakini hesabu haiishii kwenye makato. Kila mauzo yalinichukua kama dakika nane: kusoma meseji ya mteja, kufungua taarifa ya tili kuhakikisha, kutuma faili, kujibu "imefika?". Mauzo 40 kwa mwezi ni dakika 320, zaidi ya saa tano. Tena kuhakikisha si jambo la kuruka. Kuna mteja aliyenitumia picha ya meseji ya M-Pesa iliyopangika vizuri kabisa, jina langu lipo, kiasi kipo, na namba ya muamala ipo. Kwenye tili hakukuwa na kitu. Meseji anayokuonyesha mnunuzi si malipo. Malipo ni yale unayoyaona upande wako, na ukizoea kuamini picha za skrini utagawa faili bure bila kujua.

Njia ya pili ni kuweka ukurasa wa malipo. Kwa Kenya nimetumia Paystack, ambao wakati ninaandika wanakata asilimia 1.5 kwa malipo ya M-Pesa. Kwa kadi za humu nchini wanakata 2.9, na kwa kadi za nje 3.8. Mnunuzi anabonyeza linki, anaandika barua pepe na namba ya simu, kisha simu yake yenyewe inamwomba namba ya siri ya M-Pesa. Akishaiweka, muamala unakamilika bila mimi kugusa kitu.

Kwa shilingi 500 ninakatwa 7 na senti 50. Ukitoa makato ya tili, tofauti ni shilingi 4 na senti 75 kwa kila faili. Zidisha kwa mauzo 40, unapata shilingi 190 kwa mwezi. Yaani kwa bei ya chai na mahamri mara mbili tatu nanunua saa tano zangu, na usingizi wangu. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye daftari nilijicheka, maana kwa miezi kadhaa nilikuwa nikijisifu kwamba nabana matumizi.

Ugumu wa njia hii uko kwenye kufikisha faili. Ukurasa wa malipo kazi yake ni kupokea pesa. Kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kuandika anwani ambayo mnunuzi atapelekwa baada ya kulipa. Mimi niliweka hapo anwani ya ukurasa mdogo wa asante wenye vitufe viwili, kimoja cha faili la Excel na kingine cha Google Sheets. Inafanya kazi, ila anwani hiyo ni moja kwa wote. Akiinakili mtu mmoja na kuibandika kwenye kundi la WhatsApp, mlango uko wazi. Nilijua imetokea pale kihesabu cha ukurasa wa asante kilipoonyesha kwamba umefunguliwa mara nyingi kuliko malipo niliyopokea. Dawa niliyoipata si kamili: nabadilisha anwani kila mwezi, na kwenye karatasi ya kwanza ya templeti kuna nafasi ya jina la chama, ambalo hujitokeza juu ya kila karatasi inayochapishwa. Mtunza hazina akishaandika jina la chama chake, hana hamu ya kugawa faili lile kwa vyama vingine. Atakayegawa atagawa, na sikusudii kukesha nikimlinda.

Kwa ndugu wa Tanzania na Uganda, Selar, duka lililoanzia Naijeria, linapokea shilingi za nchi zote tatu, na faili unalipakia humo humo ili mnunuzi atumiwe akishalipa. Faida yake ni kwamba hujengi ukurasa wa asante wala hubadilishi anwani. Soma makato ya sarafu yako kwenye ukurasa wao wa bei kabla ya kujisajili, kisha uyapitishe kwenye hesabu hii hii ya shilingi 500.

Njia ya tatu ndiyo inayowavuta wengi, na ndiyo inayowaumiza wengi: maduka ya kimataifa, ambayo Gumroad ni mfano wake unaojulikana. Kujisajili ni bure. Duka linapokea kadi kutoka kila upande, linamtumia mnunuzi linki yake mwenyewe, na kama ni PDF unaweza kuliambia lichape barua pepe ya mnunuzi kwenye kurasa zake. Makato ni asilimia 10 na senti 50 za dola kwa kila mauzo, na juu yake kuna ada ya kuchakata kadi, asilimia 2.9 na senti 30.

Zitazame zile senti 50 na 30. Hazijali bei yako ni ngapi. Tuchukue dola moja kuwa shilingi 129. Templeti ya 500 ni dola 3.88. Asilimia zote mbili zinakula kama senti 50, na ada zisizobadilika zinakula senti 80. Jumla ni dola 1.30, theluthi nzima ya bei. Zinabaki shilingi kama 332. Sasa rudi kwenye bei yangu ya uoga, shilingi 200, yaani dola 1.55. Makato yanafika dola moja kamili, na mkononi unabakiwa na shilingi 71. Mtu anauza kitu cha 200, duka linachukua karibu 130, halafu anashangaa mbona wateja wapo na pesa haionekani.

Ukipandisha bei, picha inageuka. Templeti ile ile kwa dola 15 inakatwa dola 2.74, karibu asilimia 18, na inakuachia dola 12.26, ambazo ni shilingi 1,580 hivi. Swali likawa: ni nani atakayelipa dola 15 kwa kitu ambacho Mombasa kinauzwa 500? Jibu lilikuja lenyewe kutoka kwa binamu yangu aliyeko Manchester. Wana chama chao cha Wapwani, watu zaidi ya ishirini, wanachanga kwa pauni na kugawana mwisho wa mwaka, na hesabu zao zilikuwa picha za karatasi kwenye WhatsApp. Kwao dola 15 si kitu. Ila walitaka sarafu ibadilike, tarehe ziandikwe kwa mtindo wao, na maelezo yawe kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilitengeneza toleo la pili. Si bidhaa ile ile iliyopandishwa bei kwa sababu mnunuzi yuko Ulaya. Kuna kazi ya siku mbili ndani yake, nami nililala vizuri kwa hilo.

Na kwa wanunuzi wa huko, duka la kimataifa linafanya kazi moja ambayo mimi nisingeiweza. Tangu mwaka 2015, Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani ya bidhaa za kidijitali kwa kufuata nchi anakoishi mnunuzi, si anakokaa muuzaji. Uingereza nayo inataka yake. Kuanzia Januari 2025, Gumroad wanasimama kama muuzaji wa kisheria, wanakusanya kodi hizo kutoka kwa mnunuzi na kuziwasilisha wao. Hapo ile asilimia 10 inaanza kuonekana ni malipo ya kazi. Kitu cha kuangalia kabla hujapakia chochote ni mipangilio ya malipo ya duka: je, nchi yako na benki yako zimo kwenye orodha ya wanakopeleka pesa? Kuna waliouza kwanza, wakauliza baadaye.

Vitabu vifupi vina hesabu tofauti kidogo, kwa sababu kuna Amazon. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kitabu cha kurasa 30 kwa Kiingereza kuhusu kuandika katiba ya chama. Kwenye KDP ya Amazon, kitabu cha Kindle chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kukupa asilimia 70, baada ya kukatwa senti 15 kwa kila megabaiti ya faili. Kwa dola 2.99 na faili la megabaiti moja, unapata dola 1.99. Inavutia, mpaka usome yaliyo chini yake. Asilimia 70 ni kwa wanunuzi wa nchi zilizo kwenye orodha yao, na Kenya haimo, kwa hiyo msomaji wa Nakuru anakupa 35. Mauzo ya Marekani nayo yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, na Kenya haina. Dola 1.99 inashuka hadi 1.39, kama shilingi 180. Ukijiunga na mpango wao wa KDP Select, huruhusiwi kuuza toleo la kidijitali la kitabu hicho popote pengine kwa siku 90, hata kwenye WhatsApp yako. Nilimshauri rafiki yangu auze PDF kwa shilingi 300 kwenye ukurasa wa Paystack, ambapo anabaki na 295 na senti 50. Kisha apange upya kurasa zake ziwe ndogo, nusu ya A4, na herufi kubwa, kwa sababu wasomaji wake wote wanasoma kwenye simu na ukurasa mpana unawafanya wavute skrini kushoto na kulia kila mstari.

Nirudi kwenye kufikisha faili, maana hapo ndipo malalamiko yanapozaliwa, na karibu yote hayahusiani na duka.

La kwanza ni barua pepe. Mtu wa M-Pesa anaijua namba yake ya simu kwa moyo. Barua pepe anaiandika kwa kubahatisha: gmial badala ya gmail, au ile ya zamani ambayo nywila yake ameisahau. Duka limetuma, kwako inaonyesha imetumwa, na mnunuzi anaona ametapeliwa. Ndiyo maana siachi faili litegemee barua pepe peke yake. Kitufe cha kupakua kinaonekana papo hapo baada ya malipo, na chini yake kuna namba yangu ya WhatsApp.

La pili ni Google Sheets. Ukimpa mnunuzi linki ya kawaida inayoishia na `/edit`, moja kati ya mawili litatokea. Kama umemruhusu kuhariri, atajaza michango ya chama chake kwenye faili lako, na mnunuzi wa pili atafungua akute majina na madeni ya watu wengine. Kama umemzuia, atakuomba ruhusa, na sanduku lako litajaa maombi. Njia sahihi ni kuweka faili liweze kutazamwa na yeyote mwenye linki, kisha kubadilisha mwisho wa linki hivi:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/NAMBA_YA_FAILI/copy
```

Akibonyeza, Google inamwuliza kama anataka kutengeneza nakala yake. Akikubali, nakala inakaa kwenye akaunti yake na la kwako halijaguswa. Maombi ya ruhusa yakianza kumiminika ghafla, ujue umesahau mpangilio wa kutazama, au kuna mahali umebakiza `/edit`.

La tatu ni fomula. Toleo langu la kwanza lilitafuta mkopo wa mwanachama kwa XLOOKUP. Kwenye kompyuta yangu lilikwenda kama maji. Kwa mnunuzi mwenye Excel ya 2016 kila seli ya mgao iliandika `#NAME?`, kwa sababu Excel hiyo haiijui fomula ile. Kadhalika QUERY na ARRAYFORMULA ni za Google, ukizipeleka Excel zinakufa. Nilirudi kwenye INDEX na MATCH, ambazo zinaeleweka kila mahali:

```
=IFERROR(INDEX(Mikopo!C:C, MATCH(A5, Mikopo!A:A, 0)), 0)
```

Si nzuri kwa macho, lakini inafunguka kwenye Excel ya zamani, kwenye Google Sheets, na kwenye WPS Office ya simu, na wateja wangu wengi wako kwenye simu.

Kwa sasa nimebaki na njia mbili na nusu. Wanunuzi wa Kenya wanakwenda kwenye ukurasa wa Paystack kwa 500. Walio nje wanakwenda Gumroad kwa dola 15. Ile nusu ni tili, ambayo bado naipa wazee wasiopenda linki. Hao nawatumia faili kwa mkono, na siwahesabii zile dakika nane. Mapato yote nayaandika pamoja, kwa sababu siku mauzo ya mwaka yakivuka shilingi milioni moja, kodi ya asilimia 3 ya mauzo ghafi itanihusu.

Kabla sijatoa linki mpya kwa mtu yeyote, naazima simu ya mpwa wangu, ile ya bei nafuu yenye skrini iliyopasuka pembeni, nalipa 500 kama mteja na kutazama kila hatua bila kujisaidia. Jaribio linanigharimu shilingi saba na nusu. Mara ya kwanza nililipa, nikapongezwa, nikapelekwa kwenye ukurasa wa asante, nikabonyeza kitufe cha Excel, na likafunguka faili la bajeti ya harusi ya dada yangu.